Pengo la Ishirini na Tatu

Katika shule yetu simu ya mwanafunzi haikurudishwa. Ilipelekwa mstarini Jumatatu, ikawekwa juu ya jiwe lililo mbele ya mlingoti wa bendera, na mwalimu wa nidhamu akaipiga nyundo mbele ya shule nzima huku tukiwa tumesimama wima kama watu walio mazikoni. Kisha mwenye simu alirudishwa nyumbani kwa wiki mbili akatafakari.

Simu iliyokuwa mfukoni mwa kiranja Osward Jumamosi ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya dada yangu Tusekile, anayeuza vitenge boda, mpakani kwetu Tunduma, hatua chache kutoka upande wa Zambia. Siku ya kurudi shule niliitoa kwenye pochi yake nikaweka mahali pake kipande cha sabuni ya mche chenye uzito uleule. Nilikuwa nimekusudia mzaha wa siku mbili. Lakini Tusekile alikuwa ameomba nafasi katika chuo cha uuguzi, na namba aliyoiandika kwenye fomu ni ya laini iliyokuwamo ndani ya simu ile. Alinitumia ujumbe kwa mdomo wa Lusubilo, tunayetoka naye mtaa mmoja: “Mwambie Ambakisye chuo kitapiga wakati wowote. Simu ikipotea, asije nyumbani. Aende akaishi na sabuni.”

Nilikuwa nimepanga kuirudisha Jumapili kwa mama anayeleta maandazi. Ijumaa jioni Osward aliikuta ndani ya soksi, chini ya tranka langu.

Osward alikuwa kiranja wa bweni letu, kidato cha nne, mtu wa Vwawa, mwenye kola iliyopigwa pasi hata siku ya kupalilia. Tulichukiana kwa uaminifu. Mimi ndiye niliyempakia dawa nyeusi ya viatu kwenye kipaza sauti cha kuitia majina, akahutubia bweni zima akiwa na masharubu. Yeye ndiye aliyenipa zamu ya kusafisha vyoo muhula mzima, akaandika sababu kuwa ni “kujenga tabia.”

“Naweza kuipeleka leo,” aliniambia. “Lakini nataka uipeleke wewe mwenyewe, kwa mikono yako, mtoto wa boda. Ugonge mlango wa mwalimu, useme shikamoo, uiweke mezani.”

“Na nikikataa?”

“Tutacheza. Kopa, mpaka mia. Ukiwa na alama chache kuliko mimi mchezo ukiisha, unaondoka nayo. Nikiwa na chache mimi, unaipeleka.”

Alikuwa na haki ya kujiamini. Mchezo wa kopa tulikuwa tumeufahamu kwenye chumba cha kompyuta, ambako mashine zilikuja na watu watatu ndani yake, wasiolala wala kukasirika, na kila jenereta lilipowashwa tulipigana vikumbo kucheza nao. Osward ndiye aliyekuwa na ufunguo wa chumba kile. Alikuwa amewashinda wale watu wa ndani ya mashine mara nyingi kuliko alivyowahi kumshinda mtu mwenye damu.

Tulikutana Jumamosi baada ya kufua, kwenye banda la shule la kuhifadhia kahawa. Karata zilikatazwa kama simu, na pale hakuna mwalimu aliyefika kabla ya mavuno. Baridi ya Juni ilipenya kwenye mbao. Tulikaa juu ya magunia matupu tukizunguka kreti: Osward mbele yangu uso kwa uso, Zabron kushotoni kwangu, Lusubilo kuliani. Zabron alitoka Ndalambo, mtoto wa wafugaji, mpole, asiye upande wa mtu yeyote. Alikuwepo kwa sababu mchezo unataka watu wanne.

Osward alisoma sheria kana kwamba tumekuja kula kiapo.

“Kila kopa ni alama moja. Malkia wa shupaza ni kumi na tatu. Jumla ishirini na sita kila mgao, na alama ni mzigo, si sifa. Unafuata aina iliyochezwa. Huna, unatupa unachotaka. Mwenye karata kubwa ya aina ile, ree ikiwa juu ya zote, anauzoa mzunguko wote. Mtu akifika mia, mchezo umekwisha, na mwenye chache ndiye mbele. Anayevuka mia anachota maji ya wote wanne wiki nzima, kama desturi.”

“Na anayepiga mwezi?” Lusubilo akauliza.

“Anayezoa alama zote ishirini na sita, bila kuacha hata moja, hapati kitu. Wengine watatu kila mmoja anaongezewa ishirini na sita. Kama mashine. Sitaki habari za kupunguza alama zako mwenyewe, hizo ni sheria za Nakonde, ng'ambo ya boda.”

“Sawa, mheshimiwa.”

“Na hakuna kusema karata mchezo ukiendelea. Atakayesema, kichura mpaka kwenye mlango na kurudi.”

Hiyo sheria ya mwisho ilimpata Zabron katika mgao wa pili. Aliona Lusubilo amesita, akamwambia tu, “Si lazima ule hiyo.” Osward akaweka karata zake chini, akanyoosha kidole. Zabron akaruka kichura, mikono masikioni, mpaka mlangoni na kurudi, akakaa. Magoti yake yalikuwa meupe kwa vumbi la maganda ya kahawa. Nilicheka. Ni mimi peke yangu niliyecheka.

Sasa nieleze upumbavu wangu wa mgao wa tano, kwa sababu ndio ulionifikisha nilikofika. Mpaka pale nilikuwa nafanana na Osward, alama kwa alama. Sikuhitaji mwezi. Ningeendelea kukwepa kopa kama mtu anavyokwepa madimbwi ningekuwa salama. Lakini nilishika ree ya kopa na mfalme wake na karata nyingine tatu nne za kupendeza, nikaona sifa mbele yangu, nikaanza kuzoa. Nilizoa malkia, nikazoa kopa kumi na mbili. Ya kumi na tatu aliichukua Osward kwa jeki, makusudi, akaiinua juu kama padri anavyoinua ekaristi.

“Moja kwangu,” alisema. “Ishirini na tano kwako. Andika, Lusubilo.”

Hiyo ndiyo bei ya mwezi. Ukikosa kopa moja, umebeba mzigo wote kasoro ukucha. Kuzuia mwezi wa mtu kunagharimu alama moja tu. Kuupiga ovyo kunagharimu ishirini na tano. Osward alijua hivyo tangu zamani. Mimi nilijifunza pale, nikiwa na baridi mgongoni na simu ya dada yangu ikiwa kwenye mfuko wa shati la adui.

Baada ya hapo nilicheza kwa woga. Mpaka mwisho wa mgao wa tisa nilikuwa na sabini na sita, yeye arobaini na tano.

“Thelathini na moja,” alisema Osward, akichanganya karata. “Hata ukipiga mwezi, mtoto wa boda, bado uko nyuma yangu kwa tano. Umeona? Mimi nakuhesabia, bure.”

Alisema kweli. Mwezi unaziba pengo la ishirini na sita, basi. Mwenye pengo la thelathini na moja akipiga mwezi anajipigia ngoma ya mazishi, hasa kama mwezi wenyewe unamfikisha mtu mwingine mia na kuufunga mchezo.

Lakini katika mgao wa kumi mambo yalimwendea mrama. Alizoa kopa kumi. Mimi nilizoa mbili. Zabron, maskini, alimpata malkia wa shupaza na kopa moja. Lusubilo hakupata kitu. Lusubilo akasoma: “Ambakisye sabini na nane. Osward hamsini na tano. Zabron themanini na moja. Mimi arobaini na sita.”

Nikafanya hesabu kimoyomoyo. Pengo ishirini na tatu. Nikipiga mwezi sasa, Osward anakuwa themanini na moja, Zabron anakuwa mia na saba, mchezo unafungwa hapo hapo, na mimi nabaki sabini na nane. Namshinda Osward kwa alama tatu. Nikiukosa, nafika mia na ushee mimi mwenyewe, na safari yangu ni ya mlango wa mwalimu. Nikicheza kwa kukwepa, ninahitaji Osward azoe ishirini na nne zaidi yangu kabla Zabron hajafika mia, na Zabron alibakiza kumi na tisa tu. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya mgao wa tano na huu. Kule nilikuwa na cha kupoteza. Hapa kukwepa kulikuwa kushindwa kwa adabu.

Lusubilo akagawa. Nikafungua karata zangu polepole.

Kopa sita: ree, mfalme, jeki, kumi, tisa, nane. Pau nne za juu zote, ree mpaka jeki. Ree ya uru. Na shupaza mbili za kipumbavu, nane na mbili.

Mgao wa kumi na moja ni wa kupitisha karata tatu kwa anayekutazama: wa kwanza unapitisha kushoto, wa pili kulia, wa tatu mbele, wa nne hupitishi, kisha mnaanza tena. Nikamtazama Osward. Alikuwa akitabasamu na karata zake kama mtu aliyepata nyoka wa kumtia kwenye buti la mwenzake.

Nilizitoa shupaza zote mbili. Ya tatu iliniuma. Nikatoa nane ya kopa, kopa yangu ndogo kuliko zote, nikazisukuma kwake. Yeye akasukuma zake kwangu, akazigonga kwa kucha.

“Zawadi,” alisema. “Umfikishie dada yako salamu.”

Nikazigeuza. Ree ya shupaza. Mfalme wa shupaza. Malkia wa shupaza.

Niseme ukweli juu ya mtu huyu: karata hizo tatu zinamtisha kila mchezaji, na kuziondoa ni busara. Lakini humpi zote tatu mtu aliye nyuma yako kwa ishirini na tatu, mtu ambaye mwezi ndiyo dawa yake ya mwisho. Ungempa mbili, ukabaki na moja ya kumkaba. Hata wale watu wa ndani ya mashine wasingefanya hivyo, kwa sababu hawakuwahi kupakwa masharubu. Osward alitaka nimbebe malkia na walinzi wake wote wawili, na alitaka kuniona nikimbeba.

Basi nikaonyesha namna ya kubeba. Nilishusha mabega. Nikafuta uso kwa kiganja.

“Kiranja,” nikasema, “hii si haki.”

“Cheza.”

Katika karata zote hamsini na mbili, moja tu ndiyo ingeweza kunizuia: malkia wa kopa. Nilikuwa na ree na mfalme juu yake, jeki chini yake. Aliyemshika malkia, akiwa na kopa mbili nyingine za kutupa ree na mfalme wangu wakipita, angebaki naye mpaka jeki yangu itoke, na angeila. Sikujua yuko kwa nani. Nilijua tu kwamba nilimpa Osward nane ya kopa, na kama malkia yuko kwake, nimemwongezea mlinzi kwa mkono wangu.

Mwenye mbili ya pau ndiye anayefungua, naye alikuwa Zabron. Mzunguko wa kwanza hauna alama, kila mtu hutupa pau yake kubwa, kwa hiyo ree yangu haikumshtua mtu. Nikaongoza mfalme wa pau. Nayo ilionekana kama mtu anayeondoa mizigo mapema. Wote wakafuata. Nikaguna kidogo, nikaweka malkia wa pau.

Hapo Zabron akainua macho.

Alikuwa na themanini na moja, na mtu mwenye themanini na moja husikia harufu ya mwezi kabla ya wengine. Alimtazama malkia wa pau, akanitazama mimi, akazitazama karata nilizobakiza mkononi. Akaweka saba ya pau taratibu. Kisha akamgeukia Osward, ambaye ndiye aliyefuata na ambaye pau zilikuwa zimemwishia, maana alikuwa ameshavuta karata nyingine kabisa kutoka pembeni.

“Osward,” Zabron akasema, “angalia kwanza huyu…”

“Zabron.”

“Nasema tu kwamba…”

“Zabron, sheria. Unataka mlango tena?” Osward hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi. “Kaa kimya ujifunze jinsi mtu anavyojazwa.”

Zabron akafumba mdomo. Nimewahi kuona ng'ombe akisimama hivyo mbele ya lango lililofungwa: haendi, harudi, anangoja tu mwenye fimbo aamue. Akayafuta magoti yake, ingawa vumbi lilikuwa limeshatoka.

Osward akairusha karata yake juu ya malkia wangu wa pau.

Malkia wa kopa.

“Malkia kwa malkia,” alisema. “Na yule mwingine unaye mkononi, nimekupa mwenyewe. Utakuwa na harusi.”

Nilikunja uso. Nililegeza mdomo wa chini. Nadhani hata chozi lilikuja, na halikuwa la uongo lote, kwa sababu moyo wangu ulikuwa unapiga kama ngoma ya Jumapili kule Mbozi Misheni.

“Unanionea,” nikasema.

“Ndiyo.”

Nikaongoza jeki ya pau. Zabron akafuata na pau yake ya mwisho, bila kuitazama. Osward akatupa nane ya kopa. “Na hii uliyonipa, nakurudishia.” Lusubilo, asiye na pau tena, akatupa sita ya kopa. Nikavuta zote kwangu, nikazipanga vizuri, kopa juu.

Kisha nikaweka ree ya shupaza. Kisha mfalme wa shupaza. Osward alitoa shupaza zile mbili nilizompa, akiwa bado na tabasamu, lakini lilianza kukaa vibaya, kama kofia ya kuazima. Nikamweka malkia wa shupaza mezani mwenyewe, kwa hiari, mbele.

Mtu hamwongozi malkia wa shupaza kwa hiari. Huyo hukimbiwa.

Kwa mara ya kwanza sheria ya Osward ya ukimya ilifuatwa na watu wote wanne. Alitazama lundo langu la mizunguko, akalitazama la Lusubilo ambalo halikuwepo, la Zabron ambalo halikuwepo, la kwake ambalo halikuwepo. Akatafuta kati ya karata zake, akatupa uru, haraka, kama mtu anayekumbuka kufunga mlango baada ya mbuzi kutoka.

“Ngoja,” alisema.

“Sheria, kiranja,” nikamwambia. Mabega yangu yalikuwa yamepanda yenyewe.

Ree ya uru. Ree ya kopa. Osward akatoa nne, kopa yake ya mwisho. Mfalme wa kopa. Zabron akatoa saba yake, Lusubilo tano. Nje hapakubaki kopa nyingine. Nikaziweka jeki, kumi na tisa pamoja, nikiwa nimezitandaza kama wauza nguo wa Tunduma wanavyotandaza mashati.

“Zote,” nikasema. “Hesabu.”

Alihesabu. Alihesabu kopa kumi na tatu, akamgusa malkia wa shupaza kwa ncha ya kidole, akahesabu tena kutoka nyuma. Kisha akamnyang'anya Lusubilo kalamu.

“Themanini na moja,” alisema, akijiandikia mwenyewe. “Wewe sabini na nane. Zabron mia na saba.” Akapiga mstari chini ya hesabu. “Alama tatu.”

“Hata moja ingetosha.”

“Mlipanga.” Alimgeukia Zabron. “Wewe ulijua. Ulinitazama, ukanyamaza. Mlipanga wewe na huyu.”

“Mimi nina mia na saba,” Zabron akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hakukuwa na upole ndani yake. “Nani anapanga kubeba maji ya watu wanne wiki nzima? Nilifungua mdomo mara mbili. Uliufunga mara mbili. Sasa unanidai nini?”

Osward akasimama. Alikuwa mrefu kuliko sisi wote, na kwa muda nilifikiri atapiga mtu. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akaitoa simu, akaidondosha juu ya karata. Haikuvunjika.

“Jumatatu nakagua matranka,” alisema. “Yote. La kwako nitalimwaga chini.”

“Utakuta sabuni.”

Hakuelewa, na sikumweleza. Akatoka. Tulimsikia akipiga teke ndoo zilizokuwa nje, moja baada ya nyingine, ndoo zetu wote wanne, zikibiringika mteremkoni kuelekea kwenye mibuni.

Niliiokota simu, nikaiwasha, nikaizima. Nilikuwa na hotuba tayari. Ilianza na neno “ndugu zangu.”

“Usianze,” Zabron akasema.

“Nilitaka kukushukuru tu.”

“Kwa kitu gani? Ningeweza kusema maneno matatu. Unajua ningesema nini? Shika kopa yako. Ningeruka kichura mpaka mlangoni, na wewe ungekuwa kwa mwalimu, na mimi nisingebeba maji.” Alikuwa akikusanya karata, akizigonga ziwe sawa. “Nilipiga hesabu. Kichura kimoja zaidi, wewe ukinicheka, au ndoo za wiki nzima. Nikaona bora ndoo.”

Lusubilo akatazama chini. Mimi nikaisukuma simu mfukoni, na hotuba yangu pamoja nayo.

Zabron akanitupia pakiti ya karata kifuani, akatoka kwenda kuzitafuta ndoo. Nilimfuata. Hakunisubiri, na nilipoinama kuokota ndoo ya kwanza iliyokuwa imekwama chini ya mbuni, alinipita bila kunitazama, akainyakua mkononi mwangu.

“Hii ya Osward,” alisema. “Sheria ni sheria. Ya kwako iko kule chini kabisa. Ilete mwenyewe.”